Nyumba ya rehani ikienda mnadani: hesabu siku zako, ijue bei ya chini, na dai chenji yako

Naandika hii kwa sababu ya mama yangu mdogo, anakaa Uyole hapa Mbeya, mfanyabiashara wa viazi, alikuwa anapakia fuso mpaka Dar. Alikopa benki, akaweka hati ya nyumba rehani, halafu msimu mmoja mzigo ukaozea njiani na bei ikaanguka, marejesho yakakwama. Nyumba ikauzwa kweli, siwezi kukudanganya kwamba tuliiokoa. Ila alitoka pale na milioni 22 na laki tatu na ushee mkononi, wakati majirani wote walishamwambia "ukishapigwa mnada hupati kitu, benki inachukua yote". Hiyo kauli ndiyo inayowaumiza watu, maana ukishaiamini unakaa ndani unalia, unazima simu, na siku zinapita ambazo zingekusaidia.

Hapa naongelea nyumba yenye hati iliyosajiliwa rehani kwa benki chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Ardhi ya kijiji ya kimila au kiwanja kisichopimwa ulichoweka kwa mkopeshaji wa mtaani kwa mkataba wa mauziano, hiyo ni habari nyingine, usichukue haya ukayapeleka kule moja kwa moja.

Hatua ya 1: Barua ikifika, andika tarehe uliyoipokea

Benki haiwezi kuamka tu asubuhi ikaleta dalali. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka ikupe kwanza notisi ya maandishi kwamba umeshindwa kulipa. Na hiyo notisi lazima iseme mambo matatu: umekosea nini na kwa kiasi gani, kwamba benki inaweza kuchukua hatua juu ya hiyo nyumba, na kwamba zikiisha siku 60 tangu uipokee basi deni lote litadaiwa kwa mkupuo na benki inaweza kuuza.

Soma hapo vizuri, siku 60 zinaanza siku UNAYOIPOKEA, siyo tarehe iliyochapwa juu ya barua. Barua ya mama mdogo ilichapwa tarehe 18 Februari, yeye akaipata tarehe 3 Machi kwa mkono wa afisa mikopo. Ukihesabu toka 18 Februari unaona muda umeisha katikati ya Aprili, na afisa mikopo ndivyo alivyokuwa anamwambia kwenye simu. Ukihesabu toka 3 Machi, siku ya 60 inaangukia 2 Mei. Wiki mbili zote hizo zilikuwa zake. Kwa hiyo unaposaini kupokea, andika tarehe na saa kwa kalamu yako pembeni ya saini, kwenye nakala yao na kwenye yako, upige picha. Kama imekuja kwa posta tunza bahasha, muhuri wa posta ni ushahidi.

Watu wengi wanakimbia wasisaini wakidhani wakikataa barua notisi haipo. Usifanye hivyo. Wataileta na mwenyekiti wa mtaa, wataibandika mlangoni, na wewe utakuwa umepoteza hata nafasi ya kuandika tarehe yako.

Jambo jingine kwenye hiyo barua ni kiasi cha deni. Notisi inayosema tu "unadaiwa, lipa haraka" bila kueleza kiasi ulichochelewesha ina kasoro na mwanasheria wako ataitumia. Na kama nyumba siyo ya mkopaji, yaani wewe uliweka hati yako kumdhamini shemeji, notisi inakuhusu wewe mwenye nyumba, siyo shemeji peke yake. Nimekutana na mzee Mbalizi ambaye alijua nyumba yake inauzwa kwa kusikia gari la matangazo, barua zote zilienda kwa mkopaji aliyeshahamia Tunduma.

Cheki pia saini ya mwenza. Nyumba ya familia inayokaliwa na mume na mke haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mwenza, na ridhaa iwe ya kweli. Kama mke hakusaini au saini imeghushiwa, hilo ni suala kubwa kuliko yote ninayoandika hapa, peleka kwa wakili kabla ya siku kuisha.

Hatua ya 2: Tumia hizo siku 60, maana nyundo ikishagonga mlango unafungwa

Sheria inakupa haki ya kulipa deni na kukomboa hati yako muda wowote kabla nyumba haijauzwa. Hata asubuhi ya mnada, kama hela ipo, inalipwa. Lakini dalali akishagonga nyundo na mtu akashinda, imekwisha, huwezi kuja jioni na hela ya mchango wa ukoo.

Ndani ya hizo siku omba benki kwa barua, siyo kwa mdomo, staitimenti kamili ya mkopo: uliyokopa, uliyolipa, riba, penalti, na kiasi cha kulipa ili kufunga mkopo leo. Mama mdogo alikuwa na kumbukumbu kwamba anadaiwa 34, staitimenti ikaja na 41,500,000. Tukakaa usiku kucha na risiti zake za wakala, tukakuta riba imehesabiwa sawa kabisa, ni yeye alikuwa amesahau miezi saba. Inauma lakini ni afadhali kujua mapema kuliko kwenda kupigana na namba usiyoijua.

Halafu uliza swali moja benki: mnaniruhusu nitafute mteja mwenyewe? Benki nyingi zinakubali, kwa maandishi, kwamba uuze kwa makubaliano, mnunuzi alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, hati itolewe, chenji yako uchukue. Mteja anayetafutwa kwa utulivu analipa bei ya soko, mteja wa mnada anakuja kutafuta cha bei chee. Sisi tulijaribu, tukapata mtu wa kutoka Chunya mwenye hela za dhahabu, akaleta maneno maneno, wiki tatu zikapotea, mwisho akazima simu. Ndiyo maana nasema anza siku ya kwanza siyo siku ya arobaini.

Kama huna kabisa njia ya kulipa wala mteja, basi nguvu zako zote zihamie kwenye bei.

Hatua ya 3: Pata valuesheni yako mwenyewe kabla ya mnada

Hapa ndipo penye hela, na ndipo watu wanapopuuzia.

Sheria ya Ardhi inaposema benki inaweza kuuza kwa mnada wa hadhara, inasema mnada wenye bei ya chini iliyowekwa, wengine wanaiita rizavu praisi. Maana yake kabla dalali hajaanza kuita bei kuna namba ameshapewa na benki, chini ya hapo hauzi. Mara nyingi hiyo namba haitangazwi, anayo dalali kwenye karatasi yake. Kwa hiyo swali lako siyo "bei ya chini ipo?", swali ni imetoka wapi.

Kwa kawaida inatoka kwenye ripoti ya mthamini. Ukiifungua hiyo ripoti utakuta namba mbili, ya kwanza ni thamani ya soko, ya pili ni thamani ya kuuza haraka, ambayo iko chini sana kwa sababu inachukulia kwamba muuzaji hana muda. Benki inapenda kuangalia ile ya pili. Na tatizo la pili ni umri wa ripoti. Benki ilithaminisha nyumba siku unakopa, na kama hakuna aliyefuatilia wanaweza kutumia ripoti ile ile ya zamani.

Nyumba ya mama mdogo ilithaminiwa miaka minne nyuma, thamani ya soko milioni 65, ya kuuza haraka milioni 45. Toka hapo alikuwa ameongeza vyumba viwili vya kupangisha uani, ameweka geti, na barabara ya mtaani imechongwa fuso linaingia mpaka mlangoni. Sasa fikiria, nyumba hiyo hiyo bei ya chini ikiwekwa 45 kwa ripoti ya miaka minne, mtu akipandisha 46 anaondoka nayo na benki imeshapata hela yake yote, haina maumivu. Deni ni 41.5, gharama kidogo, benki imelala usingizi. Anayeumia ni mwenye nyumba. Benki haihitaji kuwa na roho mbaya ili hili litokee, inatosha tu asiwepo mtu wa kuikumbusha.

Tulimtafuta mthamini aliyesajiliwa (muulize namba yake ya usajili, kazi hii ina bodi yake na sheria yake ya mwaka 2016), akaja na futi kamba, akapima, akapiga picha, akauliza bei za nyumba zilizouzwa jirani. Ripoti ikatoka: thamani ya soko milioni 88. Kumlipa iliuma, mama mdogo aliuza mbuzi wawili na meza ya duka, lakini hiyo karatasi ndiyo iliyobadilisha kila kitu.

Kama hela ya mthamini haipo, kusanya unachoweza. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, waombe majirani waliouza karibuni wakupe kopi ya mikataba ya mauziano, mitatu minne inatosha kuanzia, ila ziwe nyumba za kufanana kweli, mtaa huo huo, ukubwa ule ule. Nyumba ya Uyole iliyopakana na barabara kuu ya Zambia haiwezi kulinganishwa na ya ndani ndani ambako bodaboda anashuka kusukuma pikipiki. Ukileta mfano usiofanana, wakili wa benki ataubomoa kwa dakika mbili.

Ukishapata, andika barua fupi kwa meneja wa tawi, nakala kwa kitengo cha sheria cha benki makao makuu na kwa dalali. Yetu ilikuwa hivi kwa ufupi:

"Nimepata taarifa kwamba nyumba yangu itauzwa kwa mnada. Naambatanisha ripoti ya mthamini aliyesajiliwa inayoonesha thamani ya soko ni shilingi 88,000,000. Naomba bei ya chini ya mnada izingatie ripoti hii. Nakumbusha kwamba chini ya kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi benki ina wajibu wa kupata bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati wa kuuza."

Peleka kwa mkono, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Muhuri huo ni muhimu kuliko barua yenyewe, maana baadaye hakuna atakayeweza kusema "hatukujua".

Hatua ya 4: Ielewe hesabu ya asilimia 25

Kifungu cha 133 kinasema hivi kwa lugha yetu: anayeuza nyumba ya rehani ana wajibu kwa mwenye nyumba, na kwa mdhamini pia, wa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na wastani wa bei ambazo nyumba za aina hiyo zinauzwa sokoni, sheria inachukulia kwamba benki imevunja wajibu wake, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yatamkwe kuwa batili.

Kwetu, robo ya 88 ni 22, kwa hiyo mstari ulikuwa 66. Ikiuzwa 66 kushuka chini, benki ndiyo inayotakiwa ijieleze. Ikiuzwa 67, hiyo dhana huna, inabidi uthibitishe mwenyewe kwamba hawakujitahidi.

Sasa usichukue hii kama fimbo ya uhakika. Benki inaruhusiwa kujitetea. Itasema tumetangaza mara tatu hakuna aliyefika, nyumba ina ufa, kuna mgogoro wa mpaka, aliyetoa bei kubwa alikuwa huyu. Wakithibitisha hayo mahakama inaweza kuwaelewa. Lakini benki haiwezi kujificha nyuma ya dalali ikasema "siyo sisi, ni yeye", wala haiwezi kukuonesha kipengele kwenye mkataba kinachosema umekubali bei yoyote. Wajibu huo haufutwi kwa mkataba.

Hatua ya 5: Tangazo la mnada, siku 14

Siku 60 zikiisha bado kuna ngazi nyingine. Mnada wa ardhi unaongozwa pia na Sheria ya Madalali, Sura ya 227, kifungu cha 12, inayotaka tangazo kwa umma la angalau siku 14 kabla ya mnada, kwenye mji mkuu wa wilaya husika na pia pale penyewe mnada utakapofanyika. Na tangazo lisiwe la karatasi tu, liwepo na la njia ambayo hata asiyejua kusoma atalielewa, ndiyo maana unaona gari la spika linazunguka Mwanjelwa na Kabwe likitangaza. Tangazo litaje pia jina la mwenye mali na anakoishi.

Dalali wetu alitoa tangazo gazetini tarehe 20 Mei, mnada tarehe 29 Mei. Hesabu mwenyewe, siku 9. Halafu kwenye geti hakukuwa na kitu, na gari la spika halijapita. Gazeti lenyewe nilikata ule ukurasa nikautunza mzima, tarehe juu ionekane. Mwenyekiti wa mtaa akatuandikia barua kwamba hajapokea wala kuona tangazo lolote mtaani kwake. Tukapeleka vyote benki. Siku mbili baadaye mnada ukaahirishwa, likatoka tangazo jipya, safari hii likabandikwa getini na spika likapita siku mbili, mnada ukawekwa 14 Juni.

Kuna watu watakuuliza, sasa siku tano zinakusaidia nini? Zinakuletea wanunuzi. Mnada uliotangazwa kimya kimya unakuja na watu watatu wanaojuana, wanakunywa soda pamoja, wanapeana zamu ya kunyanyua mkono. Mnada uliotangazwa vizuri unaleta mtu wa Tukuyu, mtu wa Makambako, mtu ambaye hajui wenzake wamekubaliana nini.

Kama benki imekataa kusikia kabisa na siku zimeisha, hapo ni kwenda kuomba zuio, yaani amri ya kusimamisha mnada. Nyumba yenye thamani isiyozidi milioni 300 inaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, juu ya hapo Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Mbeya na Iringa. Unafungua shauri, pamoja nalo ombi la zuio la muda kwa hati ya dharura. Watapima mambo matatu ambayo mawakili wote wanayajua toka kesi ya Atilio na Mbowe ya 1969: kuna hoja ya msingi ya kusikilizwa, utapata hasara isiyofidika, na wewe utaumia zaidi ya mwenzako zuio likikataliwa. Ukienda na "naomba huruma, nina watoto" peke yake utarudi nyumbani. Ukienda na bahasha yenye muhuri wa posta, ukurasa wa gazeti na barua ya mwenyekiti, una kitu cha kuongea. Malalamiko kuhusu benki unaweza kuyapeleka Benki Kuu pia, wana tawi Mbeya, ila unaanza kwanza na benki yako kwa maandishi, na usitegemee kwamba barua ya malalamiko pekee itasimamisha nyundo.

Hatua ya 6: Siku ya mnada nenda

Najua inavyouma. Mama mdogo alisema hataki kuona watu wakinunua kitanda chake na yeye anaangalia, nikamwambia baki kwa jirani, nitasimama mimi. Nenda wewe au mtume ndugu anayejua kuandika haraka.

Andika saa mnada ulipoanza, watu wangapi walikuwepo, kila bei iliyotajwa na aliyeitaja ukimjua, bei ya mwisho, na jina la kampuni ya dalali. Ulizia masharti ya malipo, mara nyingi mshindi anatoa robo ya bei pale pale na iliyobaki ndani ya muda mfupi. Mshindi akishindwa kumalizia, mnada unarudiwa, na hilo ufuatilie maana kuna nyumba zinakaa "zimeuzwa" miezi huku riba inapanda kwako.

Kwetu waliita kuanzia 50. Ikapanda kwa laki tano tano mpaka 58, ikasimama. Dalali akaangalia karatasi yake, akasema haijafika, endeleeni. Hapo ndipo nilijua bei ya chini imebadilishwa, maana kwa ripoti ya zamani angeshagonga muda mrefu. Akatokea baba mmoja mwenye koti la mvua, akasema 62, wakapishana na mwingine mpaka ikaishia 69. Ikagongwa.

69 iko juu ya 66, kwa hiyo tuliona hakuna kesi ya bei hapo. Ingegongwa 58 tungeenda Barazani wiki ile ile, na haraka ni lazima, kwa sababu mnunuzi aliyenunua kwa nia njema bila kujua hila yoyote analindwa na kifungu cha 135. Yeye hatakiwi kuchunguza kama notisi yako ilitolewa sawasawa. Ukichelewa mpaka hati imehamishwa jina, mara nyingi unachobaki nacho ni kudai fidia kwa benki, siyo nyumba.

Hatua ya 7: Chenji

Hela ya mnada inagawanywa kwa foleni ambayo sheria imeipanga. Wa kwanza ni kodi na tozo zinazodaiwa kwenye ardhi yenyewe, kama kodi ya pango la ardhi. Kama nyumba iliuzwa ikiwa na rehani nyingine iliyoitangulia hii, hiyo inafuata. Halafu gharama za mnada zilizotumika kihalali, hata za mnada uliojaribiwa ukashindikana. Halafu deni la benki iliyouza, mtaji, riba na kinachodaiwa chini ya mkataba wa rehani. Halafu wenye rehani zilizowekwa baada ya hii, kama wapo. Kinachobaki ni cha mwenye nyumba.

Cha mwenye nyumba, narudia, siyo cha mkopaji. Kama uliweka hati yako kumdhamini mtu, chenji haiendi kwenye akaunti ya huyo mtu. Kama mwenye nyumba amefariki, inapokelewa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa aliyekuja na kopi ya kitambulisho.

Sisi tulifanya hesabu yetu wenyewe kabla hatujaenda benki. Bei 69,000,000. Toa kodi ya pango iliyolimbikizwa 240,000. Toa dalali na matangazo ya mnada wa pili 3,800,000. Toa deni 41,500,000, tulikuwa na staitimenti. Ibaki 23,460,000.

Benki ikaleta karatasi ya mstari mmoja: ziada 16,100,000, saini hapa.

Hatukusaini. Mama mdogo alikuwa anataka kusaini, mkono ulishakamata kalamu, kwa mtu aliyeambiwa hapati kitu milioni 16 ni muujiza. Nikamwambia mama, subiri. Tukaandika barua tunaomba mchanganuo wa kila senti na risiti zake. Baada ya wiki tatu na kufuatilia kila Jumatatu ukaja. Pengo la 7,360,000 lilikuwa na vitu viwili: "gharama za ukusanyaji deni" 5,200,000, na gharama za mnada wa kwanza ulioahirishwa 2,160,000.

Kwa ile ya kwanza tuliuliza swali dogo tu, alilipwa nani, lini, risiti iko wapi. Haikuwepo. Wakaifuta yote. Kwa ya pili walikuwa na hoja, sheria inaruhusu gharama za mnada uliojaribiwa. Sisi tukasema inaruhusu gharama zilizotumika ipasavyo, na mnada wenye tangazo la siku 9 uliahirishwa kwa kosa lenu siyo letu. Wakavutana huko ndani, mwisho wakakata nusu, 1,080,000. Tungeweza kuendelea kupambana kwa ile nusu iliyobaki, mama mdogo akasema basi imetosha, nimechoka, nataka kulala.

Kwa hiyo 16,100,000 jumlisha 5,200,000 jumlisha 1,080,000, ikaja 22,380,000. Iliingia kwenye akaunti yake mwenyewe, siyo ile ya mkopo, hilo tulilisisitiza kwa maandishi kwa sababu hela ikiingia akaunti ya mkopo inaweza kukaa huko ikiitwa vingine.

Upande wa pili wa shilingi nao uujue. Kama nyumba ingeuzwa 38, deni halifutiki kwa sababu nyumba imeondoka. Salio unaendelea kudaiwa na benki inaweza kukushtaki kwa hilo. Kwa hiyo ile kazi ya valuesheni na kupigania tangazo unaifanya hata kama unajua hakuna chenji, maana kila milioni inayopanda mnadani ni milioni inayopungua kwenye deni litakalokufuata.

Mwisho chukua benki barua ya kuthibitisha mkopo umefungwa, yenye muhuri, na uangalie baada ya miezi michache kama taarifa zako za mikopo zimesahihishwa. Mama mdogo alipokwenda kuomba mkopo mdogo wa vikundi mwaka uliofuata akaambiwa bado anaonekana mdaiwa, na ile barua ndiyo aliyoitoa kwenye mkoba.

Sasa hivi amepanga vyumba viwili Isyesye, na kiwanja amenunua, kidogo, kimepimwa, hati iko kwa jina lake na ameificha mahali ambapo hata mimi sijaambiwa.